Kooni nilisikia maumivu lakini shida ilikuwa puani: vile naosha pua na maji ya chumvi, na kwa nini maji yachemshwe

Kuna aina ya kuumwa na koo ambayo ukiijua utaitambua haraka. Unaamka asubuhi koo limekauka, linawasha, ukimeza mate linauma, halafu ukishakunywa chai na kutembeatembea kidogo linatulia, ikifika saa sita mchana umesahau kabisa. Usiku ukilala chali unasikia kitu kinateremka nyuma ya koo polepole, unakohoa, unameza, unakohoa tena. Mchana kutwa unasafisha koo, khm khm, mpaka watu wa nyumbani wanakuuliza una nini. Hakuna homa, hakuna usaha kwenye tonsili, na maumivu hayako upande mmoja, ni koo lote.

Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Nakuru, na kati ya Januari na Machi, upepo ukianza kupeperusha vumbi, ukiongeza chaki ya darasani, hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu. Nilikuwa nikienda kemisti napewa antibayotiki na lozenji, koo linapoa siku mbili tatu, linarudi. Mpaka nikaonana na klinikal ofisa mmoja mama mtaratibu sana, akaniambia nifungue mdomo, akamulika na tochi, akasema koo lako halina ugonjwa wake, linaugua kwa ajili ya pua. Akanionyesha kwenye kioo, nyuma kabisa ya koo kulikuwa na vijiuvimbe vidogo vidogo vyekundu na uzi wa kamasi umening'inia kutoka juu.

Alivyonieleza ni hivi. Pua na sainasi, zile nafasi zilizo ndani ya mifupa ya uso, zinatengeneza kamasi kila siku, na kawaida hiyo kamasi inateremka nyuma tunaimeza bila kujua. Sasa vumbi au aleji ikiichokoza ile ngozi ya ndani, kamasi inakuwa nyingi au nzito, inaning'inia kooni na kulichokoza, hasa usiku ukiwa umelala. Halafu pua ikiziba unalala mdomo wazi, hewa kavu inapita kooni usiku kucha. Halafu tena ile khm khm yenyewe inalikwaruza. Ndio maana kusukutua koo na maji ya chumvi kunasaidia kidogo tu, kwa sababu bomba linalovuja liko juu na wewe unapanguza sakafu. Antibayotiki nayo haina cha kuua hapo kama chanzo ni vumbi.

Akaniambia nioshe pua, sio kwa kuvuta maji na kiganja, ni kwa chupa laini ya kubonyeza, maji ya chumvi yaingie tundu moja yazunguke nyuma yatokee tundu la pili, yatoke na vumbi, kamasi na chochote kilichokwama. Kabla hata hajaniambia kiasi cha chumvi akaninyooshea kidole, akasema mwalimu, maji ni ya kuchemsha, hata kama nyumbani kwako mnakunywa ya mfereji na hamuugui. Nataka nikae hapo kwenye maji zaidi, lakini wacha kwanza niseme vile ninavyofanya, ili mwenye kutaka kujaribu asiondoke na nusu.

Nachukua lita moja ya maji, nachemsha kwa sufuria yenye kifuniko. Yakianza kububujika kabisa, sio zile povu ndogo za pembeni, ni kububujika kwote, naangalia saa. Kanuni ni dakika moja ya kububujika kwa sehemu za chini, na dakika 3 kama unaishi juu ya mita kama 1,980 hivi, kwa sababu ukipanda juu maji yanachemka kabla hayajawa moto sana. Kisumu iko kama mita 1,130, dakika moja inatosha. Nakuru mjini ni kama mita 1,850, tuko karibu sana na huo mpaka na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100, na ukipanda kuelekea Menengai au ukienda Njoro, Molo na Elburgon umeshauvuka. Mimi nachemsha dakika 3 bila kupiga hesabu, gesi ya dakika mbili za ziada haiwezi kunifilisi.

Hapo kuna kitu wengi hawakiwazii. Ile jagi ya umeme ya kuchemsha maji inajizima yenyewe mara tu maji yanapochemka, kwa hivyo dakika huzipati. Tumia sufuria.

Yakishachemka nafunika, naacha yapoe yenyewe, yakiwa bado ya uvuguvugu ndio natia chumvi. Kwa lita moja ni kijiko kimoja cha chai na nusu, kijiko cha kusawazishwa na kisu, sio cha mlima, hiyo inakupa kama gramu 9 kwa lita, ambayo ni karibu sawa na chumvi iliyo kwenye damu. Kama unatengeneza kikombe kimoja tu cha mililita 250 basi weka nusu kijiko kisichojaa. Unaweza kuongeza baking soda kidogo, kama robo kijiko kwa lita, inapunguza kuchoma. Ukionja iwe kama machozi. Maji matupu bila chumvi yanachoma puani vibaya sana, kwa sababu seli za ndani ya pua zinayanyonya zinavimba, wale waliowahi kupaliwa na maji wakioga wanajua huo uchungu, na chumvi ikizidi nayo inachoma na kukausha. Kwa hivyo ikichoma usikate tamaa, angalia kipimo kwanza.

Chumvi ya dukani hapa Kenya huwekwa madini joto, ndiyo sheria, na ni nzuri kwa chakula, lakini kuna watu wanachomwa nayo puani, pamoja na ile dawa ya kuzuia isigandamane. Ukipata chumvi safi isiyo na madini joto tumia hiyo, au ununue pakiti ndogo zilizopimwa tayari ambazo huja na chupa. Na kwa watu wetu wa magharibi naomba mnisikie vizuri, magadi sio baking soda. Najua magadi iko kila jikoni kwa ajili ya kunde na mrenda, na ukimwambia mtu soda anafikiria hiyo, lakini magadi ni kali kuliko baking soda na ina vitu vingine ndani, usiitie puani. Munyu wa jivu pia hapana. Baking powder pia sio hiyo, ina asidi na wanga ndani yake. Kama hujui iliyo mkononi mwako ni ipi, acha, chumvi peke yake inatosha.

Kuosha kwenyewe ni hivi, nainama mbele juu ya beseni, kichwa nakilaza upande, mdomo wazi, napumua kwa mdomo, naingiza ncha ya chupa kwenye tundu la juu nabonyeza taratibu. Maji yanatokea tundu la chini. Ukisema aaaa wakati unabonyeza, mengi hayateremki kooni. Nusu ya chupa upande mmoja, nusu upande mwingine. Usibonyeze kwa nguvu na usimeze mate wakati huo, maana hapo ndipo maji huenda masikioni, utasikia masikio yamejaa na kuuma. Kama tundu limeziba kabisa maji hayapiti, usilazimishe, subiri au anza na upande ulio wazi. Ukimaliza inama mbele zaidi, geuza kichwa huku na huku yamwagike yaliyobaki, kisha penga taratibu tundu moja moja, usibane yote mawili. Mimi naosha jioni nikitoka shule, sio pale pale ninapotaka kulala, kwa sababu kuna maji hubaki ndani na ukilala tu yanateremka kooni na utakohoa. Na kama umepewa dawa ya kupuliza puani, osha kwanza ndipo upulize, ukigeuza utaimwaga dawa kwenye beseni.

Haikuchukua muda, nikaanza kuamka koo halijakauka. Msimu wa vumbi ukija naosha kila siku, mvua ikinyesha naacha.

Sasa maji.

Likizo ya Aprili nilienda kwa dada yangu mkubwa Kisumu, upande wa Mamboleo. Mume wake, shemeji yangu, anauza mbao, na mbao mnajua vumbi lake, naye alikuwa na ile ile khm khm. Dada alikuwa ameshamsimulia habari za chupa yangu kwa simu, akanunua yake. Jioni akaniita, akasema shemeji, njoo uone kama nafanya sawa. Na kwa kweli alikuwa anafanya vizuri, ameshachemsha maji, ameshapima chumvi, kichwa kimelala upande. Lakini kabla hajajaza chupa akachukua jagi akaenda kwenye tangi nje, akarudi akamimina kwenye yale maji ya moto kuyapoesha, vile sisi sote huwa tunafanya na maji ya kuoga.

Nikamshika mkono. Nikamwambia shemeji, samahani, hayo usitie puani. Akashangaa, akaniambia si nimechemsha, mwalimu, ulisema nichemshe. Na alikuwa sawa, alikuwa amechemsha. Lakini ndani ya chupa karibu nusu ingekuwa maji ya tangi mabichi, na maji ya uvuguvugu hayaui kitu, hayo ya moto yalishapoteza moto wake yalipokutana na ya baridi. Tukatoka nje tukaliangalia lile tangi. Ni tangi nyeusi ya plastiki juu ya jukwaa, jua la Kisumu linaipiga tangu asubuhi, maji yanaingia kutoka kwenye mabati mvua ikinyesha, ikikauka wanaongeza ya mkokoteni, na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho ilisuguliwa ndani. Nikamwambia aweke mkono kwenye bomba lake. Yalikuwa na joto.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kuna amiba mdogo sana anaitwa Naegleria fowleri, anaishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyo na joto, maziwa, mito, chemchemi za moto, matangi, mabomba ambayo klorini imepungua. Anapenda joto, anastahimili mpaka nyuzi kama 46. Ukimnywa hakufanyi chochote, asidi ya tumbo inamuua. Hapo ndipo watu hujidanganya, mtu anakwambia haya maji nimeyakunywa miaka yote. Ni kweli na haina uhusiano. Pua haina asidi. Juu kabisa ya pua kuna mishipa ya kunusia inayopita kwenye mfupa wenye matundu madogo madogo moja kwa moja hadi kwenye ubongo, na huyu amiba akisukumwa mpaka kule juu anaifuata hiyo mishipa anaingia kwenye ubongo na kuuharibu. Sasa fikiria chupa ya kubonyeza kazi yake ni nini, ni kupeleka maji juu kabisa kule ambako maji ya kunawa uso hayafiki.

Ni nadra, tena nadra sana, na sitaki mtu aache kuosha pua kwa hofu. Lakini akimpata mtu karibu wote hufa, kule Amerika ambako wanaweka hesabu ni zaidi ya watu 97 kwa kila 100. Mwaka 2011 jimbo la Luiziana watu wawili, kila mmoja kwake, walikufa baada ya kuosha pua na maji ya mfereji wa nyumbani. Sio ya mto, ya mfereji. Mwaka 2024 kule Teksas mama wa miaka 71 alikufa hivyo hivyo, alitumia maji ya mfereji wa gari la kulala kambini. Karachi kule Pakistani pia wamekufa watu, wengine hawakuogelea popote, ni maji ya mjini yasiyo na klorini ya kutosha waliyoyapandisha puani, hata kwa udhu. Kwa hivyo jirani zangu Waislamu hapa Bondeni huwa nawaambia, maji ya udhu yasivutwe kwa nguvu mpaka juu, na wakiweza ya pua yawe yaliyochemshwa yakapoa.

Shemeji akauliza swali zuri, akasema basi niweke ile dawa ya klorini ya kutibu maji, si ndiyo tunatumia ya kunywa. Nikamwambia ile kwa kunywa ni sawa na muendelee nayo, imeokoa watoto wengi huku Nyanza na kuhara, lakini kipimo chake kimepangwa kwa tumbo, na hao amiba wana namna ya kujifungia ndani ya ganda gumu ambalo klorini kidogo hailivunji haraka. Hasa kwenye tangi lenye matope chini, klorini inaishia kwenye uchafu. Moto hauna hayo mashaka. Ukiwa na sufuria na jiko, chemsha.

Chujio je? Yale majagi ya kuchuja hayatoshi kwa pua. Kuna mama mmoja wa Siatul kule Amerika aliyekufa kwa amiba mwingine, Balamuthia, habari zake zikatoka mwaka 2018, na alikuwa anaosha pua na maji ya mfereji aliyoyachuja kwa jagi kama hilo, madaktari wakashuku ni hapo. Kuna chujio zenye matundu ya maikroni 1 au chini ambazo zinawazuia, lakini lazima iandikwe hivyo waziwazi, na katriji isiwe imepitiliza muda.

Maji ya chupa ya dukani nayo, yale ya kunywa, ni masafi kwa kunywa, lakini kusafishwa kwa kunywa sio kuuliwa viini vyote. Hayo pia chemsha. Kinachofaa bila kuchemsha ni maji ya distildi, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha mvuke ukarudishwa kuwa maji, chumvichumvi na viini vinabaki nyuma, au maji ya sterail. Lebo iseme hivyo, na yawe ya matumizi ya dawa. Hapa nina neno moja kwa watu wa Kenya. Ukisema unataka maji ya distildi kuna mtu atakutuma petroli stesheni ukanunue maji ya betri. Tafadhali usiende. Yale yametengenezewa gari, hakuna anayeyaangalia viini, na kwenye shelfu ile ile pembeni yake kunauzwa asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana. Kwa hali yetu rahisi zaidi ni kwenda kemisti kuuliza chupa ya nomal salaini, ile ya dripu ya mililita 500, ni maji sterail na chumvi yake tayari ni gramu 9 kwa lita, huna haja ya kupima chochote. Ukishaifungua imalize siku hiyo, kilichobaki kesho yake mwaga.

Ile jioni shemeji alimwaga yale maji, tukachemsha upya. Kuyapoesha tulifunika sufuria tukaiweka ndani ya beseni la maji ya tangi, maji ya nje yanapoesha sufuria lakini hayaingii ndani, nusu saa yakawa tayari. Hiyo ndiyo njia kama una haraka. Tukaangalia na vingine, maana maji yanaweza kuwa salama halafu chombo kikayaharibu. Kikombe cha kupimia kilikuwa kimesuuzwa bombani na bado kina matone, tukakisuuza na maji yaliyochemshwa. Kijiko kiwe kikavu. Chupa yenyewe, baada ya kuosha pua ioshwe na sabuni, isuuzwe mara ya mwisho na maji yale yale ya kuchemsha, iachwe wazi ikauke kabisa ndani, sio kufungwa kifuniko na unyevu. Kila mtu na yake, hata mume na mke. Baada ya miezi kama mitatu, au ukiona utando au weusi ndani, nunua nyingine. Na maji uliyochemsha yakae kwenye chombo safi chenye kifuniko, usichovye kikombe, mimina. Mimi yakizidi siku moja nayatumia kuoshea vyombo.

Dada akauliza tungejuaje kama hayo maji yameshamdhuru mumewe siku zilizopita. Kwa sababu kumbe shemeji alikuwa ameshaosha pua nayo. Nikampa jibu nililopewa na yule klinikal ofisa, kwamba dalili huanza ndani ya siku 1 mpaka 12, mara nyingi kama siku ya 5, kichwa kuuma sana, homa, kutapika, baadaye shingo kukaza na mtu kuchanganyikiwa. Huku kwetu hizo dalili za mwanzo kila mtu atasema ni malaria, na mara nyingi itakuwa malaria kweli, kapimwe. Lakini ukiwa uliosha pua na maji mabichi, mwambie daktari hilo mapema, hata kama hajakuuliza, kwa sababu ugonjwa huu unaenda haraka na hatauwazia mwenyewe. Shemeji hakupata chochote, alihesabu siku zake kimya kimya, dada ndiye aliniambia.

Kuna wakati kuosha pua sio jibu. Koo likiuma na homa kali, tonsili zina madoa meupe, huwezi kumeza hata mate, hiyo nenda hospitali. Kamasi ya harufu mbaya au damu kutoka tundu moja tu, hasa kwa mtoto, huenda ameingiza shanga au maharagwe, usimwoshe, mpeleke. Aliyefanyiwa upasuaji wa pua au sikio aulize kwanza. Na mtu amekohoa wiki mbili au zaidi, hata kama ana uhakika ni kamasi za vumbi, akapimwe makohozi ya TB, vituo vya serikali wanapima bure.

Dada mwenyewe naye aliamua kujaribu kwa sababu alikuwa na khm khm ya asubuhi kama mumewe. Akaosha wiki nzima, maji yanatoka meupe, hakuna kamasi, koo liko vile vile. Nilipomuuliza zaidi akasema anaamka na uchungu mdomoni na kifua kinawaka akiinama. Hiyo sio pua, ni asidi ya tumbo inapanda kooni usiku, na inaleta khm khm ile ile. Alipoenda hospitali wakamwambia hivyo hivyo, akapewa dawa, akaambiwa ale chakula cha jioni mapema na ainue kichwa cha kitanda. Chupa yake aliiacha, shemeji anaendelea na yake kila akitoka kwenye mbao, na sufuria ya kuchemshia maji ya pua wameitenga, haipikiwi kitu kingine.